Kilima Nilichokichora Gobwen

Katika shamba moja la hekta 24 kando ya Mto Juba, karibu na Gobwen, kuna handaki ambalo halikupaswa kuchimbwa. Lilichimbwa kwa sababu ramani yangu ilisema pale pana kilima. Kilima hakikuwapo, na mimi nilikuwa na kila sababu ya kulijua hilo kabla jembe la kwanza halijapigwa.

Gobwen iko kaskazini ya Kismayu, mwendo mfupi kwa gari, pale Juba inapokaribia kumwaga maji yake baharini. Ardhi yake ni udongo wa mto, mweusi, umetandazwa na mafuriko ya miaka na miaka hata jicho haliwezi kukuambia wapi pamepanda na wapi pameshuka. Mwishoni mwa 2023 mvua za Deyr zilikuja na El Niño, Juba ikafurika, na mifereji mingi ya mashamba ikajaa tope. Kikundi cha wakulima kikataka kuchimba mfereji wao upya. Pampu ya dizeli ingepandisha maji kutoka mtoni hadi ukingoni, na kutoka hapo maji yangejiendea yenyewe hadi vishamba vya nyuma vya mahindi na ufuta, mita 600 kutoka mtoni. Ili yajiendee, lazima mtu ajue ardhi inashuka vipi. Mimi Mbajuni, watu wangu asili yao Koyama, nimelelewa Mombasa, nilikuwa nimerudi nyumbani na droni. Nikasema kazi hiyo naiweza.

Nilichokuwa nimekifanya Mombasa ni ramani za picha: viwanja, paa, ufuo wa hoteli. Ramani ya picha ikikosea kidogo hakuna anayeumia, kwa sababu mtazamaji anataka kuona tu. Ramani ya kimo ni kazi nyingine kabisa, ijapokuwa inatoka kwenye picha zilezile na programu ileile, na ukibonyeza kitufe unapewa zote mbili pamoja. Hapo ndipo nilipojidanganya. Nilidhani aliyenipa moja iliyo sawa hawezi kunipa ya pili iliyo mbovu.

Nieleze nilivyopanga safari ya droni, maana kosa lilizaliwa mezani wala si angani. Kamera yangu ikiwa mita 80 juu, picha moja inafunika mita 120 kwa upana na mita 80 kwa upande wa mwendo, na kila pikseli ni sentimita 2.2 hivi za ardhi. Nilitaka kila picha iingiliane na ya mbele yake kwa asilimia 75, kwa hiyo kamera ilipaswa kupiga kila baada ya mita 20. Kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde, hiyo ni picha moja kila sekunde mbili na nusu. Kati ya mstari na mstari niliweka mita 42, yaani picha za ubavuni ziingiliane kwa asilimia 65. Shamba lina mita 600 kwa 400, basi ikatoka mistari 11 inayokwenda na kurudi, vituo vyake vimepangwa kwenye simu, na picha 340 hivi. Droni inaruka, inafuata vituo yenyewe, inageuka yenyewe, inarudi. Betri moja ingetosha na baki kidogo.

Mpango huo ukimwonyesha mtu wa kazi hii atausifu, kisha atauliza: na ule wa pili uko wapi? Nilikuwa nao. Nilikuwa nimechora mistari mingine inayokatiza ya kwanza, droni ikiwa juu zaidi na kamera imeinamishwa kidogo badala ya kutazama chini wima. Nilikuwa nimepanga pia kutandaza alama za ardhini, magunia yaliyopakwa msalaba wa rangi, yapimwe mahali na kimo chake. Vyote viwili nikavifuta.

Sababu ninazo, lakini hazinitoi lawamani. Droni katika Juba ya Chini si kitu cha kurusha unavyotaka. Watu wa huko wakisikia mvumo juu ya vichwa vyao hawafikirii ramani, na askari hawafikirii hata kidogo. Ilibidi kila mwenye amri apewe taarifa, wazee wapite nyumba kwa nyumba kuwaambia watu, na ruhusa iliyotoka ilikuwa ya asubuhi moja, saa nne hadi saa sita. Nikahesabu kuwa kutandaza magunia na kuyapima kungekula muda, na safari ya pili ingenifikisha ukingoni mwa saa sita. Nikaona bora picha moja kamili kuliko mbili nusunusu. Kumbe magunia ningeweza kuyatandaza na kuyapima jana yake, bila kurusha chochote na bila ruhusa ya angani. Sikufikiria. Au tuseme kweli: nilifikiria, nikaona uvivu.

Saa zile zenyewe zilikuwa na tabu yake, na tabu hiyo ndiyo iliyonipumbaza. Kismayu iko kusini kidogo tu ya ikweta, na mwishoni mwa Machi jua la adhuhuri linasimama utosini. Kamera inayotazama chini wima na jua lililo juu yake wima hutazamana kwenye maji. Vishamba vilivyokuwa na maji yaliyotuama vilirudisha mwanga moja kwa moja kwenye lenzi, na kila droni ilipokwenda, doa jeupe lilikwenda nayo. Programu huunganisha picha kwa kutafuta vitu vilevile katika picha jirani, kokoto, kisiki, pembe ya boma. Panapong'aa hakuna cha kutafuta. Ramani ilipotoka ilikuwa na matundu upande wa vishamba vya maji, nami nikatumia usiku mzima kuyahangaikia. Nilibadilisha mipangilio ya WebODM, nikarudia, nikapunguza matundu, nikafurahi. Kosa linaloonekana lilinishughulisha hata lisiloonekana likapita mlangoni limevaa nguo safi.

Sasa kosa lenyewe. Kila lenzi hupinda picha kidogo, zaidi kandoni kuliko katikati. Programu haijui lenzi yako inapinda kiasi gani hasa, kwa hiyo inakisia, na inakisia wakati uleule inapokisia droni ilikuwa wapi na ardhi ina kimo gani. Yote yanatatuliwa kwa pamoja, hadi picha zikubaliane. Ukipiga picha jengo kutoka pande zote, hakuna njia ya kudanganya, kwani kosa la lenzi lingeonekana upande mwingine. Lakini ukipiga ardhi tambarare kwa picha zote zinazotazama chini wima, zote kutoka kimo kimoja, kwa mistari sambamba, kuna majibu mawili yanayolingana na picha karibu sawasawa: lenzi hii na ardhi tambarare, au lenzi inayopinda tofauti kidogo na ardhi iliyovimba. Kati ya picha mbili jirani tofauti hiyo ni ndogo mno. Ila inabebwa kutoka picha hadi picha, mstari hadi mstari, ikikusanyika, na mwisho wa shamba umepata ardhi yenye umbo la mgongo wa kasa. Mike James na Stuart Robson, watafiti wa Uingereza, walilieleza jambo hili kwa kina mwaka 2014, pamoja na dawa yake: changanya picha za kuinamisha kamera. Simu yangu ilikuwa na dawa hiyo, nikaifuta.

GPS ya droni ya kawaida haisaidii sana hapo. Inakosea kwa mita, hasa kwenye kimo, na tunachozungumzia ni sentimita. Ripoti ya programu nayo haisemi. Yangu ilisema picha zimekubaliana kwa kosa lisilofika pikseli moja, nami nikaisoma kama cheti. Ilikuwa kweli kabisa kwamba picha zilikubaliana. Zilikubaliana juu ya uongo.

Ishara zilikuwapo, na hii ndiyo sehemu inayoniuma. Nilipochora kontua, zilitoka duara ndani ya duara, na kitovu cha maduara yale kilikuwa katikati ya eneo nililorusha, barabara, kana kwamba mtu amekipima kwa rula. Ardhi haijui droni yako ilirukia wapi. Kilima halisi kingekaa popote, kingefuata mto au tuta la zamani, kingekatwa na mfereji. Hiki kilipita juu ya mifereji na mipaka bila kuijali. Kulikuwa na ishara ya pili pia. Mfereji wa zamani ulikuwa na maji yaliyosimama, kipande kirefu kimoja. Maji yaliyosimama yana kimo kimoja toka mwanzo hadi mwisho, lakini kwenye ramani yangu ukingo wa maji yale ulipanda kuelekea katikati ya shamba kwa kiasi cha mkono mzima. Niliona. Nikajiambia kwamba programu huwa haiyapimi maji vizuri, jambo ambalo ni kweli kwa uso wa maji lakini si kwa matope ya ukingoni. Na yale maduara nikawaeleza wakulima, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba mafuriko yalimwaga tope jingi katikati ya shamba.

Katika kikao kile alikuwapo fundi mwashi, mzee wa Chovai aliyejenga kitako cha zege cha pampu. Akaitazama ramani kwenye kompyuta kwa adabu, akaniambia, "Mwanangu, mimi mvua ikinyesha hapa naona maji yanakwenda nyuma. Sijaona yakisimama kupanda mlima."

Nikamjibu, "Ami, jicho haliwezi kuona nusu mita ndani ya mita mia tatu. Mashine inaona."

Hakubisha. Wengine walicheka kidogo, nami nikaona nimeshinda.

Tazama ramani ile iliamuru nini. Kwa kweli ya ardhi, ukingo wa mto ndio ulio juu, kama ilivyo kawaida ya mito inayofurika, kwa sababu mto humwaga mchanga mzito karibu na kingo. Kutoka hapo ardhi ilishuka polepole, sentimita 30 ukifika katikati, sentimita 60 ukifika nyuma. Ramani yangu ilikubali hizo sentimita 60 za mwisho, maana uvimbe ule ulikuwa sawa pande zote mbili, lakini katikati ilionyesha ardhi imepanda sentimita 54 juu ya ukingo. Kutoka kushuka 30 hadi kupanda 54 ni kosa la sentimita 84. Ili chini ya mfereji pashuke sawasawa, nikaandika vipimo vya kuchimba: nusu mita kwenye pampu, nusu mita mwisho, na katikati mita 1 na sentimita 34, ili kukikata kile kilima. Vibarua walichimba kwa mkono, kwa majembe, kwenye udongo uliokauka kama tofali. Walichimba kama nilivyoandika, kwa uaminifu uliozidi wangu.

Pampu ilipowashwa maji yalikwenda kwa kasi nzuri, kila mtu akapiga vigelegele, kisha yakafika katikati yakazama. Handaki lilijaa polepole huku dizeli ikiungua. Ili maji yafike nyuma ilibidi kwanza yajaze bwawa lenye kina cha zaidi ya nusu mita, na udongo uliochimbuliwa upya ukawa unayanywa yakijaa. Vishamba vya nyuma havikupata kitu siku hiyo.

Nikasema vibarua hawakufuata vipimo.

Nilisema hivyo mbele yao. Mmoja akaleta kijiti alichokikata kwa urefu wa mita 1 na sentimita 34, akakisimamisha ndani ya handaki, kikalingana. Nikasema basi huenda tope limetitia. Nikaondoka kwenda Kismayu mjini na kompyuta yangu.

Usiku huo ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilikuwa na picha za zamani za jengo moja la Mombasa, nililolizunguka pande zote kwa droni hiihii na lenzi hiihii. Programu ilikuwa imekwisha kupima lenzi kwa picha hizo, na kipimo kimehifadhiwa kwenye faili. Nikazirudia picha za Gobwen, safari hii nikiiamuru isikisie lenzi bali itumie kipimo kile na isikiguse:

```
--cameras cameras.json --use-fixed-camera-params
```

Kilima kikashuka. Hakikuisha, kilibaki kama shibiri moja, kwa sababu lenzi haibaki ileile siku zote, joto na mitikisiko huibadilisha kidogo. Lakini kilima cha kweli hakishuki kwa kuandika mstari mmoja kwenye kompyuta. Nilijua pale pale. Na bado nilikaa kimya, nikipokea simu za kikundi na kusema ninachunguza.

Aliyenitoa kwenye kimya ni yule fundi, na hakufanya hivyo kwa maneno. Alichukua mpira mwangavu wa maji, ule wa mafundi, akaujaza, akaondoa mapovu, akaanza kwenye zege la pampu. Upande mmoja mtu anashika mpira penye alama, upande wa pili mwingine ameusimamisha kwenye fito yenye vipimo, maji yanatulia sawa pande zote mbili, wanasoma, wanahamia mbele. Walikwenda hivyo hadi mwisho wa shamba. Chombo hicho hakina betri wala hakikisii lenzi. Akanipigia simu kunisomea namba: katikati chini kwa 31, nyuma chini kwa 58. Hakuongeza neno. Nikarudi Gobwen, nikawaambia kikundi, vibarua wakiwapo, kwamba kilima kilikuwa changu, kwamba nilikiona kina walakini kabla ya kuchimba, na kwamba vibarua walifanya sawa. Gharama ya kufukia nililipa mimi. Siku za vibarua nilizozipoteza, na mbegu iliyongoja maji nyuma, sikuweza kulipa zote.

Kazi ya pili tuliipanga kinyume. Magunia manane yalitandazwa siku iliyotangulia, manne pembeni, matatu yametawanywa, na moja katikati kabisa, kwa kuwa la katikati ndilo linalokibana kilima kisiinuke. Alama za pembeni peke yake zingeacha katikati huru kuvimba. Tuliazima vipokezi viwili vya setilaiti vinavyofanya kazi kwa pamoja, kimoja kikikaa juu ya zege la pampu na kingine kikitembezwa, na vimo vyake tukavilinganisha na mpira. Mistari ya wima ikarushwa mita 80 mapema asubuhi kabla jua halijapanda, ruhusa ikiwa imeombwa kwa saa hizo, na hakuna aliyeikataa. Kumbe mara ya kwanza sikuomba tu. Kisha mistari ya kukatiza, mita 100 juu, kamera imeinamishwa nyuzi 25 kutoka wima. Tukaipa programu magunia matano ikokotoe kwayo, matatu tukayaficha.

Kuyaficha ndiko kunakopima. Alama uliyoipa programu itakubaliana nayo tu, imelazimishwa. Ile isiyoijua ndiyo inayokuambia kama imepatia. Hilo fundi alilielewa upesi kuliko nilivyolielewa mimi, akaongeza la kwake. Alikwenda na mpira wake akapima sehemu tatu zaidi bila kuniambia ziko wapi, akaziandika kwenye karatasi, karatasi akaitia mfukoni. Ramani ilipotoka akanionyesha sehemu kwa kidole kwenye skrini, mimi nisome kwanza, ndipo yeye afungue karatasi.

Ya kwanza tulipishana sentimita 4. Ya pili 3. Ya tatu, karibu na mipaka ya ufuta, 38, ramani ikiwa juu.

"Hapa pana kilima tena?" akauliza.

Palikuwa na magugu, mazito hata udongo hauonekani, na kamera hupima inachokiona. Kipande hicho, chote cha kando ya ufuta, tumekubaliana kitapimwa kwa mpira.